Bata Bukini na Hesabu ya Asilimia 71

Mtu ambaye hajawahi kumwona bata bukini hata siku moja huenda anaijua hadithi yake. Husimuliwa kwenye semina za uongozi, kwenye mahubiri, na kwenye jumbe za simu zinazosambazwa kutoka kikundi hadi kikundi. Bata bukini, inasemwa, husafiri wakiwa wamejipanga kwa umbo la V. Kila mmoja akipiga bawa humpunguzia kazi mwenzake wa nyuma, na kwa njia hiyo kundi zima hufika mbali kwa asilimia 71 zaidi ya ndege anayeruka peke yake. Aliye mbele akichoka hurudi nyuma, mwingine akashika nafasi. Walio nyuma hupiga kelele kumtia moyo kiongozi. Hapo msemaji hunyamaza kidogo, akawatazama wasikilizaji wake, kisha akauliza: na sisi je?

Hadithi hiyo ina ukweli, na ina chumvi. Ile 71 haikupatikana kwa kumpima bata bukini yeyote. Ni hesabu ya karatasini ya mwaka 1970, na wataalamu waliokuja kuwafunga ndege vifaa na kuwapima wakiwa angani walikuta faida ndogo kuliko hiyo. Walikuta pia jambo ambalo wengi wao hawakudhani ndege anaweza kulifanya.

Tuanze na bawa lenyewe. Bata bukini ana uzito wa kilo kadhaa, na hakuna kinachomshikilia juu isipokuwa hewa. Anapokwenda mbele, mabawa yake huisukuma hewa chini, nayo humsukuma yeye juu. Chini ya bawa hewa inakuwa na mgandamizo mkubwa, juu ya bawa mgandamizo mdogo. Hewa ya chini inatafuta pa kutorokea, na pa kutorokea pako pamoja tu: kwenye ncha. Hapo inajipenyeza, inazunguka ncha ya bawa na kupanda juu. Kwa kuwa ndege yuko kwenye mwendo, mzunguko huo haumalizikii pale pale. Unabaki nyuma yake kama kisulisuli kirefu kilicholala, kimoja kutoka kila ncha.

Kisulisuli hicho kina pande mbili zisizofanana. Upande wa ndani, yaani nyuma ya mwili na mabawa ya ndege, hewa inashuka. Upande wa nje, kando kidogo ya ncha ya bawa, hewa inapanda. Ndege mwingine akija nyuma na kuliweka bawa lake mahali hewa inapopanda, atainuliwa kidogo bila kutoa jasho.

Wengi hudhani kwamba ndege wa nyuma anajikinga na upepo, kama mwendesha baiskeli anayejibanza nyuma ya lori. Sivyo kabisa. Ndege akijibanza nyuma ya mwenzake, sawasawa na mkia wake, anaingia kwenye hewa inayoshuka na kulazimika kupiga mabawa kwa nguvu zaidi ili asishuke nayo. Pale ambapo mwendesha baiskeli anapata nafuu, ndege anapata hasara. Mahali pazuri ni nyuma na kando, na kila anayefuata akitafuta mahali hapo hapo kwa aliye mbele yake, mstari wa mshazari unajitengeneza wenyewe. Wakijipanga upande mmoja tu, tunaona mstari mmoja ulioinama. Wakigawanyika pande mbili, tunaona V. Mara nyingi mkono mmoja huwa mrefu kuliko mwingine, na hata V iliyo sawa kama ya kwenye picha za matangazo si ya kawaida sana angani. Hakuna anayelipanga umbo. Kila ndege anashughulika na jirani yake wa mbele tu.

Mjerumani Carl Wieselsberger aliieleza kanuni hii mwaka 1914, wakati eropleni zenyewe zilikuwa bado changa. Mwaka 1970 P. B. S. Lissaman na Carl Shollenberger wakaipigia hesabu kamili katika jarida la Science. Walichukua kundi la ndege 25 na kuonyesha kwamba, wakijipanga vizuri kabisa, wanaweza kwenda umbali unaozidi ule wa ndege mmoja kwa takriban asilimia 71. Hapo ndipo tarakimu ya semina ilipozaliwa. Ila ndege wa hesabu ile walikuwa na mabawa yaliyonyooka na kutulia kama ya eropleni, walikaa mahali panapotakiwa bila kuyumba, na hawakupiga bawa hata mara moja. Waandishi wake walikuwa wanatafuta kikomo cha juu cha faida inayowezekana. Waliosambaza habari ndio waliokigeuza kikomo hicho kuwa mshahara wa kila siku wa bata bukini.

Ndege wa kweli hayumo kwenye karatasi. Upepo unampiga ubavuni, jirani anayumba, naye mwenyewe anachoka. Katika miaka ya 1990 Christopher Cutts na John Speakman, watafiti huko Uskoti, walipiga picha makundi 54 ya bata bukini wenye miguu ya waridi, wale wanaotoka Aislandi na Grinlandi kuja kukaa Uingereza wakati wa baridi. Walipiga picha hizo wakiwa chini yao kabisa, ili nafasi kati ya ncha ya bawa moja na nyingine iweze kupimwa. Wengi wa bata hao hawakuwa mahali pazuri zaidi. Walikuwa karibu napo, wengine mbali kidogo. Kwa nafasi walizokuwa nazo, watafiti walikadiria kwamba wanaokoa wastani wa asilimia 14 ya nguvu inayotumika kujiinua. Na kujiinua ni sehemu moja tu ya gharama, kwani ndege hutumia nguvu pia kuipasua hewa mbele yake, na hiyo haipunguzwi na kisulisuli cha mwenzake. Ukichukua gharama yote ya safari, akiba inapungua sana.

Basi kufikia hapo kulikuwa na nadharia nzuri, picha kadhaa, na wasiwasi halali. Wapo waliosema kwamba huenda V haina uhusiano na nguvu hata kidogo. Ndege wana macho pembeni mwa kichwa, na kukaa mshazari kunamwezesha kila mmoja kumwona jirani yake na kuepuka kumgonga. Maelezo hayo si ya kupuuzwa, na hayapingani na yale ya hewa. Jambo moja laweza kuwa na faida mbili. Ila ili kujua kama faida ya nguvu ipo kweli, ilibidi apatikane ndege anayekubali kupimwa akiwa angani.

Waliopatikana kwanza ni wari. Mwari ni yule ndege mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo, anayejulikana na kila aliyefika ziwa Nakuru au Elmenteita nchini Kenya. Wari wa jaribio hili lakini walikuwa Senegali, katika hifadhi ya Djoudj. Walikuwa wamelelewa na watu na kuzoezwa kufuata mashua ya injini na kijindege chepesi kwa ajili ya filamu ya Kifaransa kuhusu ndege wanaohama. Henri Weimerskirch na wenzake waliona bahati hiyo isipite bure. Waliwafunga wari hao vifaa vya kurekodi mapigo ya moyo, wakawapima wakiruka mmoja mmoja na wakiruka kwa pamoja.

Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2001. Mwari aliyekuwa ndani ya kundi lililojipanga alikuwa na mapigo ya moyo yaliyopungua kwa asilimia 11.4 hadi 14.5 kuliko alipokuwa peke yake. Alipiga mabawa mara chache zaidi, na muda mwingi zaidi aliutumia akielea huku ameyakunjua tu. Kwa mara ya kwanza ilionekana kwenye mwili wa ndege, si kwenye daftari la hesabu, kwamba kuruka pamoja kunapunguza kazi. Umbali ulioko kati ya 14 na 71 tuuache hapo kwa wasemaji wa semina.

Lakini ushahidi wa wari ulikuwa nusu. Ulionyesha kwamba moyo unapumzika. Haukuonyesha ndege alikuwa wapi hasa, sentimita kwa sentimita, moyo ulipopumzika, wala bawa lake lilikuwa juu au chini. Na kwa ndege anayepiga mabawa, bawa kuwa juu au chini ni suala zito. Eropleni huacha nyuma yake kisulisuli kilichonyooka. Ndege anayepiga mabawa huacha kisulisuli kinachopanda na kushuka kama wimbi, kwa sababu ncha inayokiachilia nayo inapanda na kushuka. Anayefuata akitaka kubaki ndani ya hewa inayopanda, haitoshi akae mahali sahihi. Ni lazima alipige bawa lake kwa wakati sahihi pia, ncha yake ipite kwenye njia ile ile iliyopitiwa na ncha ya mwenzake sehemu ndogo ya sekunde iliyopita. Wataalamu wengi waliona hilo haliwezekani kwa ndege. Hewa huyumba mno, walisema, na hesabu ni ngumu mno.

Nusu ya pili ya ushahidi ililetwa na ndege asiye na sura ya kuvutia. Ni kwarara mwenye kipara: mweusi, manyoya yake yakimeta kijani na zambarau kwenye jua, kichwa chekundu kisicho na manyoya, mdomo mrefu uliopinda. Zamani alikuwa akizaliana kwenye majabali ya Ulaya ya kati, akawindwa hadi akatoweka huko karne zipatazo nne zilizopita. Waliobaki porini wengi wako Moroko. Kikundi kingine kidogo kiligunduliwa Syria mwaka 2002, na vifaa vya setilaiti vilionyesha kwamba ndege wake walikuwa wakienda kukaa nyanda za juu za Ethiopia wakati wa baridi, kwa hiyo jirani zetu hawa wa kaskazini wamewahi kuwa wenyeji wao.

Mwanabiolojia Johannes Fritz wa Austria na timu yake walikuwa wakijaribu kumrudisha kwarara huyu Ulaya. Tatizo lao lilikuwa njia. Kwarara mchanga hujifunza njia ya kuhama kwa kuwafuata wakubwa, na wakubwa hawakuwapo. Basi vifaranga wa kwenye bustani za wanyama walilelewa kwa mkono na watu wawili watatu tu, wakawazoea kama wazazi, kisha wakafundishwa kukifuata kijindege chepesi kinachoning'inia chini ya parachuti. Mlezi wao huketi nyuma ya rubani na kuwaita kwa kipaza sauti. Kundi likafuata hivyo kutoka eneo la Salzburg nchini Austria, likavuka milima ya Alpi hadi rasi ya maji ya Orbetello, mkoa wa Toskana, Italia.

Kwa Steven Portugal na wenzake wa chuo cha tiba ya mifugo cha London, hawa walikuwa ndege wa ndoto. Vifaa vidogo vyenye uwezo mkubwa wa kurekodi havitumi habari kwa mbali. Ni lazima uvirudishe mkononi ili usome kilichomo. Ukimfunga kifaa bata bukini wa porini, ukamwachia aende zake, umepoteza kifaa na habari zake. Kwarara hawa, jioni walipotua, walimwendea mlezi wao.

Mwaka 2011 kwarara vijana 14 walifungwa mgongoni kila mmoja kifaa cha gramu 23. Ndani yake kulikuwa na GPS iliyoandika mahali ndege alipo mara tano kila sekunde, kwa usahihi wa takriban sentimita 30, na vipima mtikisiko vilivyoandika mara 300 kila sekunde jinsi mwili unavyopanda na kushuka. Mwili wa ndege hupanda bawa linaposhuka na hushuka bawa linapopanda, kwa hiyo mtikisiko wa mgongo unatosha kukueleza bawa liko wapi. Ukiwa na kumbukumbu za ndege wote 14 kwa saa moja inayolingana, unaweza kulijenga kundi zima upya kwenye kompyuta na kumtazama kila mmoja pigo kwa pigo.

Jambo la kwanza walilokuta lilithibitisha nadharia ya 1914. Kwarara walipenda kukaa nyuma ya mwenzao kwa mita moja na ushei, wakiwa wamejitenga kando karibu kiasi hicho hicho, mshazari wa nyuzi 45 hivi. Kwa ndege ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yana upana wa mita 1.2, hapo ndipo ncha ya bawa la ndani inapokutana na hewa inayopanda.

Jambo la pili ndilo lililowafanya watu wasome mara mbili makala hiyo ilipotoka kwenye Nature, Januari 2014. Kwarara walikuwa wakipangilia hata pigo la bawa. Ndege wa nyuma hakupiga sambamba na wa mbele. Alichelewa kidogo, kwa kiasi kile kile ambacho kilihitajika ili ncha yake ifuate njia iliyochorwa hewani na ncha ya mwenzake. Akisogea karibu, alichelewa kidogo zaidi au pungufu, ili njia zibaki zinalingana. Na alipohama upande, akapita moja kwa moja nyuma ya mkia wa mwenzake, mpango uligeuka: sasa njia ya ncha yake ilipingana na ya aliye mbele, ikipanda pale iliposhuka ile. Kwa kupiga hivyo alikuwa akijiepusha na sehemu mbaya zaidi ya hewa inayoshuka. Watafiti wamependekeza kwamba ndege hulijua hili kwa kumtazama mwenzake, au kwa kuhisi msukumo wa hewa kwenye manyoya ya bawa, au kwa yote mawili.

Kumbuka pia kwamba vijana hawa hawakuwa na baba wala mama angani. Aliyewaongoza alikuwa mtu kwenye parachuti yenye injini, na hakuna mtu anayeweza kumfundisha kwarara achelewe vipi kupiga bawa. Wamelipata wenyewe, kwa silika na kwa mazoezi.

Tukiziunganisha nusu mbili, picha inakuwa ya kuaminika: kwa wari tunajua moyo unapumzika, kwa kwarara tunajua ndege anajiweka mahali panapoweza kuupumzisha. Kwarara hawakupimwa moyo katika utafiti ule, na wari hawakupimwa pigo la bawa kwa usahihi ule. Anayetaka kuwa mkali anaweza kusema kwamba hawa ni ndege wa aina mbili. Ni kweli, ila sioni maelezo mengine ya maana kwa ndege anayejisumbua kugeuza mpangilio wa mabawa yake kila anapohama mahali. Kama nia ingekuwa kumwona jirani tu, pigo la bawa lisingekuwa na kazi.

Sasa lipo swali ambalo hadithi ya semina inalipita haraka. Faida karibu yote inakwenda kwa wanaofuata. Aliye kwenye ncha ya V hana wa kumwachia hewa inayopanda, na safari yake ni ngumu karibu sawa na ya mpweke. Kwa nini basi akubali kukaa pale? Ndege hana cheo, na safari ya kuhama inaua. Wachanga wengi wa mwaka wa kwanza hawafiki. Kumpunguzia mwingine mzigo kwa hasara yako si jambo dogo.

Bernhard Voelkl wa Oxford alizirudia kumbukumbu za kwarara wale wale 14, na matokeo yake yakatoka mwaka 2015. Kwa wastani kila ndege alitumia asilimia 32 ya muda wake akinufaika na hewa ya mwingine. Muda aliofuata ulilingana na muda alioongoza. Ulinganifu huo ulionekana zaidi kati ya ndege wawili wawili: fulani akiwa mbele ya fulani, baada ya muda mfupi hubadilishana, wa nyuma akaja mbele. Kwarara mtegaji, anayefuata tu na kukwepa zamu, hakupatikana. Na hakupatikana kiongozi pia, kwa maana ya ndege mmoja anayeshika ncha safari nzima. Zamu hazikusubiri mtu achoke; zilikuwa fupi na za mara kwa mara.

Kwa bata bukini mambo yanaweza kwenda tofauti kidogo, maana wao husafiri kifamilia, wazazi na watoto wao wa mwaka ule, na mzazi anayeongoza watoto wake ana sababu yake hata asipolipwa zamu. Kuhusu kelele, wari wakubwa ni ndege wakimya na V yao inakwenda vizuri bila neno. Bata bukini huitana ili wasipoteane, gizani na kwenye mawingu hasa. Kwamba wanamtia moyo kiongozi ni nyongeza ya binadamu.

Ikiwa faida ni ya kweli, mbona ndege wote hawafanyi hivi? Mbayuwayu wanaokuja kwetu kutoka Ulaya kila mwisho wa mwaka husafiri maelfu ya kilomita bila V yoyote. Wao ni wadogo, wanapiga mabawa haraka na kugeuka ghafla, na hewa wanayoiacha nyuma ni dhaifu na imevurugika. Hakuna njia ya kueleweka ya kufuata. Njiwa wamepimwa pia. James Usherwood na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba njiwa akiruka ndani ya kundi lililosongamana hupiga mabawa haraka zaidi kuliko akiwa peke yake, maana yake anagharimika. Njiwa hujikusanya kwa sababu nyingine, kama kumchanganya mwewe, na wako tayari kuilipia.

Korongo weupe, wanaovuka Sudani na kufika Kenya, Tanzania na hata kusini zaidi, wana njia ya tatu. Hao hutafuta hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini jua linapokuwa kali, wakazunguka ndani yake bila kupiga bawa hadi juu sana, kisha wakaserereka kuelekea waendako na kutafuta hewa nyingine ya moto. Anayeinuliwa na ardhi haihitaji ncha ya bawa la jirani. Ndiyo maana V ni ya ndege wakubwa na wa wastani wanaopiga mabawa kwa mwendo wa kutulia: bata bukini, wari, kwarara, mnandi, heroe, korongo wa aina fulani wanapokuwa hawana hewa ya moto.

Anayeishi karibu na maziwa ya Bonde la Ufa anaweza kuyaona haya bila kifaa chochote. Wari wanapotoka ziwa moja kwenda lingine, mtazame wa kwanza kwenye mstari. Atapiga mabawa mara kadhaa kisha aache na kuelea. Baada yake wa pili atafanya vivyo hivyo, akafuatiwa na wa tatu, na pigo hilo litatembea kwenye mstari wote hadi kwa wa mwisho, kila mmoja akichelewa kidogo kuliko aliye mbele yake. Mtazame pia anayejaribu kubadili upande. Akipita nyuma ya mkia wa mwenzake utamwona akiyumba au akipiga mabawa haraka haraka hadi atokee upande wa pili. Na jioni, kwarara weupe wenye shingo nyeusi wanaporudi kulala, hesabu ni mara ngapi wa mbele anabaki yule yule kwa dakika nzima.

Waunda ndege za abiria wamekuwa wakifuatilia habari hizi kwa makini, kwa sababu eropleni nayo huacha visulisuli kwenye ncha za mabawa yake, tena vikali kiasi kwamba ndege ndogo ikivipitia inaweza kupinduka. Marubani hufundishwa kuvikimbia. Mwezi Novemba 2021 kampuni ya Airbus ilifanya kinyume. Ndege mbili za A350 ziliondoka Toulouse, Ufaransa, zikavuka bahari ya Atlantiki hadi Montreal, Kanada, moja ikiwa kilomita tatu nyuma ya nyingine na kando kidogo, kompyuta ikiishikilia kwenye hewa inayopanda. Airbus ilieleza kwamba safari hiyo ilipunguza zaidi ya tani sita za hewa ya ukaa, sawa na zaidi ya asilimia tano ya mafuta.

Fundi wa mitambo atasema kazi imekwisha. Mhasibu atasema ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu iliyookoa mafuta ni ile ya nyuma, na kwenye anga ya kila siku ya nyuma na ya mbele zitakuwa za mashirika mawili tofauti, yenye ratiba mbili na vitabu viwili vya hesabu. Ili jambo hili lifanyike kila siku inabidi pawe na makubaliano ya nani aongoze lini, akiba igawanywe vipi, na nani alipe pale mmoja anapochelewa kufika mahali pa kukutania juu ya bahari.